Bosi wa Zamani Anapoombwa Barua ya Skolashipu

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka hati ya utumishi. Humo huandikwa jina la mwajiri, kazi iliyofanywa, mahali ilipofanyika, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Tanzania nayo, kupitia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inadai hati ya namna hiyo. Lakini kifungu hichohicho cha Kenya kinaongeza jambo ambalo waombaji wengi hawalijui: mwajiri halazimiki kuandika chochote kuhusu tabia ya mtu wala ubora wa kazi yake. Hati ni haki. Barua ya mapendekezo ni hisani.

Basi anapokuja kijana aliyewahi kuwa chini yako, akakuamkia, akakueleza kwamba anaomba skolashipu ya shahada ya uzamili na anahitaji barua, uko huru kukataa. Ukikubali, uhuru huo unapungua. Mwaka 1994 Mahakama ya Mabwana ya Uingereza iliamua kesi ya Spring dhidi ya kampuni ya bima ya Guardian Assurance. Bwana Spring alikuwa akiuza bima. Alipotafuta kazi kwingine, waajiri wake wa zamani walitoa maelezo yaliyomchora kama mtu asiye mwaminifu, na milango ikafungwa. Mahakama ilisema anayetoa maelezo ya aina hiyo ana wajibu kwa anayeandikiwa: awe amechunguza kwa uangalifu kabla ya kuandika. Mahakama za nchi zetu zilizorithi sheria ya Kiingereza hazifungwi na hukumu hiyo, ila huweza kuizingatia.

Watu wengi husikia habari hii wakadhani njia salama ni kusifu tu. Sivyo, na anayesoma barua mia kwa msimu ndiye wa kwanza kulijua hilo. Mwanafalsafa Paul Grice, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1967, alitumia mfano uliokuja kuwa maarufu. Mwalimu anaandika barua kumpendekeza mwanafunzi kwa kazi ya falsafa. Anasema kijana anaijua lugha yake vizuri sana na huhudhuria vipindi bila kukosa. Basi, anaweka sahihi. Hakuna neno baya hata moja humo, na kila msomaji ameelewa kwamba falsafa yenyewe kijana haiwezi. Mwalimu alijua kilichotakiwa, akakipita.

Barua nyingi zinazotoka katika ofisi zetu zinafanya hivyohivyo bila mwandishi kukusudia. Bosi mwenye nia njema anaandika kwamba binti huyu ni mchapakazi, mnyenyekevu, mcha Mungu, hana makuu, anaheshimu wakubwa. Kwetu hizo ni sifa nzito. Kwenye meza ya kamati inayotafuta viongozi au wataalamu, ni sawa na kusema anaijua lugha yake vizuri. Frances Trix na Carolyn Psenka walichunguza barua zaidi ya 300 zilizoandikwa kuwapendekeza madaktari kwa nafasi za kufundisha katika chuo kimoja cha tiba Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Barua za wanawake kwa wastani zilikuwa fupi kuliko za wanaume, zilisifu zaidi bidii, na mara nyingi zaidi zilikuwa na maneno yanayopanda shaka. Za wanaume zilirudi zaidi kwenye utafiti wao. Hakuna aliyepanga kuwaangusha wanawake wale. Yalikuwa maneno yaliyokuja mkononi upesi.

Sasa tuchukue kisa kimoja na kukifuata mpaka mwisho. Ni cha kutunga, ili asiumbuliwe mtu, lakini kila kilichomo ni cha kawaida katika hospitali zetu. Mfamasia mkuu wa hospitali ya wilaya yenye vitanda 120 anapokea simu kutoka kwa binti aliyekuwa mtunza stoo ya dawa. Alianza Machi 2020, akaacha kazi kwa hiari Juni 2023, sasa yuko kwenye shirika jingine. Anaomba ufadhili wa Ujerumani unaotolewa na DAAD kwa wataalamu wa nchi zinazoendelea, ule unaojulikana kama EPOS, ambao humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka 2. Ameshapata barua ya mwajiri wake wa sasa. Anataka na ya mwajiri wa zamani, kwa sababu huko ndiko alikojifunzia kazi.

“Shikamoo, mzee. Nimekuja na shida.”

“Marahaba, mwanangu. Sema.”

Anasema. Kisha, kwa adabu, anaongeza kile ambacho waombaji wengi huongeza: “Najua una kazi nyingi, mzee. Nimeshaiandika, wewe ni kuweka sahihi na muhuri tu.”

Hapa ndipo barua nyingi zinapoharibikia. Bosi anashukuru kuokolewa, anagonga muhuri. Lakini barua ambayo mwombaji ameiandika mwenyewe ina dalili zake. Ina misemo ileile iliyo kwenye insha yake ya maombi. Inajua mambo ambayo bosi hangeyajua, kama ndoto zake za utotoni. Na ikiwa ameandika mbili, ya bosi wa zamani na ya sasa, zote zinafanana mwendo, hata makosa ya nukta. Rasimu ya mwombaji ina matumizi yake, kwa kuwa inamkumbusha bosi yaliyopita, lakini ichukuliwe kama orodha ya mambo ya kwenda kuyahakiki.

Mfamasia wetu anaichukua rasimu na kuomba vitu vitatu zaidi: tangazo la ufadhili lenye vigezo, insha ya mwombaji, na siku ya mwisho ya kupokea maombi. Kisha anakwenda stoo.

Sentensi inayovutia kuliko zote katika rasimu inasema: “Nilipunguza dawa zinazoisha muda kwa asilimia 80.” Mfamasia anafungua daftari la dawa zilizoteketezwa. Mwaka 2020 zilikuwa aina 31. Mwaka 2022 zilikuwa aina 9. Kutoka 31 hadi 9 ni upungufu wa asilimia 71, si 80. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba akiangalia safu ya chanzo, kati ya zile 31 za mwaka 2020, aina 12 zilikuwa za msaada, zilizoletwa zikiwa zimebakiza miezi michache. Mwaka 2021 mganga mfawidhi aliamua kukataa misaada ya namna hiyo, na mtunza stoo hakuwamo katika uamuzi huo. Ukiziondoa zile 12, dawa ambazo hospitali ilizinunua yenyewe na kuziacha ziharibike zilikuwa aina 19, zikashuka hadi 9. Ni upungufu wa zaidi ya nusu kidogo.

Na hiyo zaidi ya nusu ilitokana na nini? Mfamasia anakumbuka, na kadi za stoo zinathibitisha. Kabla yake stoo ilihesabiwa mara moja kwa mwaka. Yeye ndiye aliyependekeza dawa zinazotoka sana zihesabiwe kila mwisho wa mwezi na idadi ilinganishwe na leja. Ndiye aliyezipanga rafu upya ili inayoisha muda mapema ikae mbele, na ndiye aliyebandika ukutani karatasi ya dawa zilizobakiza miezi 6, ambayo wauguzi wa wodini walizoea kuisoma kabla ya kuagiza. Hakuambiwa na mtu.

Kwa hiyo aya inayoingia kwenye barua inakuwa hivi: “Mwaka 2020 aina 19 za dawa tulizonunua ziliisha muda stoo. Mwaka 2022 zilikuwa 9. Katika kipindi hicho yeye alianzisha hesabu ya kila mwezi na kupanga rafu upya, na sikuona sababu nyingine kubwa ya mabadiliko haya. Hesabu ya kila mwezi inaendelea hadi leo, ingawa yeye ameondoka.”

Asilimia 80 imetoweka, na barua imepata nguvu. Msomaji wa kamati hawezi kuja kukagua daftari, lakini anatambua sauti ya mtu aliyelikagua. Sentensi ya mwisho, ya kazi kuendelea baada ya mwenyewe kuondoka, inabeba zaidi kuliko neno “kiongozi” likirudiwa mara kumi. Mwombaji hakuiweka kwenye rasimu yake kwa sababu hangeweza kuijua. Aliyebaki ndiye anayeijua. Hiyo ndiyo faida ya mwajiri wa zamani ambayo mwajiri wa sasa hana.

Tuje kwenye doa. Binti huyu alichelewesha taarifa za mwezi. Mwaka wake wa kwanza, zilipaswa kufika tarehe 5, zikawa zinafika tarehe 12, mara nyingine 15, na mara mbili maagizo ya dawa kwenda Bohari ya Dawa yalikwama kwa sababu hiyo. Mfamasia alimwandikia barua ya onyo. Mwaka wa pili taarifa zikaanza kufika kwa wakati, isipokuwa mwezi wa ukaguzi.

Je, liandikwe? Wengine watasema doa la 2020 limeshapita, liachwe. Mimi naona inategemea barua inadai nini. Kama barua inasema alikuwa makini na nyaraka tangu siku ya kwanza, huo ni uongo na liandikwe. Kama barua inazungumzia stoo tu na fomu haiulizi udhaifu, halina ulazima. Kuchagua la kusimulia si kudanganya. Lakini fomu nyingi za ufadhili zinauliza waziwazi mwombaji anahitaji kuboresha nini, na hapo ndipo mabosi hujificha nyuma ya jibu la kuchekesha: “Udhaifu wake ni kufanya kazi kupita kiasi.” Kamati imelisoma jibu hilo mara nyingi mno. Inaelewa ama bosi hamjui mtu huyu, ama anaficha kitu kibaya kuliko kuchelewa.

Ukali nao una hatari yake. “Alikuwa na tatizo la kuchelewesha taarifa” ni sentensi ya kweli, lakini haina tarehe, haina kiasi, haina mwisho. Msomaji atajaza mwenyewe, na atajaza vibaya. Ukweli usio na kipimo unaweza kumdhulumu mtu sawa na uongo. Mfamasia anaandika: “Mwaka wake wa kwanza alichelewesha taarifa za mwezi kwa wiki moja au zaidi, na nilimwonya kwa maandishi. Tulikaa pamoja tukaona kwamba alikuwa akisubiri takwimu za wodi zote ndipo aanze kuandika. Alibadili utaratibu, akawa anakusanya kila Ijumaa. Mwaka wa pili alichelewa mara moja tu.” Sentensi nne, na ndani yake kuna mtu anayekosolewa, anayetafuta chanzo na anayebadilika. Kwa mtu anayekwenda kusoma shahada ya uzamili ugenini, sidhani kuna jambo muhimu zaidi la kuambiwa kamati.

Kuna pia mambo ya kweli ambayo hayana nafasi humo kabisa. Mwaka 2021 alikuwa na likizo ya uzazi. Aliwahi kulazwa. Anasomesha wadogo zake wawili. Bosi mwenye huruma hupenda kuyataja, hasa hilo la mwisho, akidhani linaongeza uzito. Habari za afya na familia ni mali ya mwombaji. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinaziwekea taarifa za afya ulinzi wa pekee. Akitaka zisemwe, aziseme yeye kwenye insha yake. Tena kamati ikipewa barua inayolia kwa niaba ya mtu, hujiuliza kwa nini kazi yake haikutosha kusemewa.

Fomu nyingine ina jedwali: mweke mwombaji katika asilimia 5 ya juu, 10, au 25 ya watu uliowahi kuwasimamia. Mkono huenda moja kwa moja kwenye 5. Lakini mfamasia wetu amewahi kusimamia watunza stoo 6 tu maishani. Asilimia 5 ya watu 6 si mtu mzima. Kama fomu inalazimisha, achague kisanduku kinachokaribia ukweli, kisha kwenye nafasi ya maelezo aandike: “Kati ya watunza stoo 6 niliowasimamia tangu 2011, yeye ni wa pili. Wa kwanza alikuwa na uzoefu wa miaka 15.” Nimewahi kubishana na watu wanaoona neno “wa pili” ni kumwangusha mtu. Kwangu mimi ndilo linalomfanya msomaji aamini yaliyobaki.

Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Aya ya kwanza ieleze mwandishi ni nani, alimsimamia mwombaji kwa cheo gani, na kwa muda gani. Aeleze pia hospitali yenyewe kwa sentensi moja, maana aliyeko Bonn hajui hospitali ya wilaya ni kubwa kiasi gani. Vitanda 120 vinamwambia. Tarehe za kazi zilingane na zile alizoandika mwombaji. Hili linaonekana dogo, lakini ufadhili wa Chevening wa Uingereza, kwa mfano, unadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo wenyewe huzihesabu kama wiki 40 kwa mwaka, saa 35 kwa wiki, kwa miaka 2. Mwombaji akisema alianza Januari na bosi akasema Machi, miezi miwili imepotea, na pamoja nayo imani. Hati ya utumishi ikiwepo faili, ndiyo ya kufuatwa.

DAAD hutaka barua ya mwajiri iwe kwenye karatasi rasmi ya ofisi, yenye sahihi, muhuri na tarehe ya karibuni. Barua ya 2023 iliyoandikwa siku binti alipoondoka haifai tena, hata kama ni nzuri. Kuna tatizo jingine ambalo waombaji hawalioni mapema: bosi aliyekusimamia naye anaweza kuwa amehama. Hana tena haki ya kutumia karatasi wala muhuri wa hospitali, na akiazima, barua inakuwa ya kughushi hata kama kila neno ni la kweli. Njia ni kuandika akiwa mahali alipo sasa, aseme wazi kwamba alikuwa mfamasia mkuu wa hospitali ile kati ya miaka fulani, na hospitali itoe kivyake uthibitisho wa tarehe. Na pale ambapo mfumo wa maombi humtumia bosi kiungo kwa barua pepe, mwombaji ampigie simu siku ileile amwombe aangalie hata kwenye kapu la taka. Baadhi ya maombi huangukia hapo.

Bado kuna wakati wa kukataa. Kama binti huyu angekuwa ameondoka kwa sababu dawa zilipotea stoo na uchunguzi ukamkuta na hatia, barua ya kumsaidia ingemlazimu mfamasia aruke jambo ambalo kila msomaji angetaka kulijua. Au kama alikaa miezi mitatu tu, na bosi hakumbuki hata dawati lake lilikuwa wapi. Kukataa mapema ni msaada, kwa sababu kunampa muda wa kumtafuta mwingine. Asiambiwe “nitaona” halafu simu isipokelewe mpaka siku ya mwisho ipite. Desturi hiyo ya kumwonea mtu haya usoni na kumwangusha kisogoni tunayo sana. Aambiwe: “Mwanangu, barua yangu itakuwa fupi na haitakusaidia. Mtafute aliyekuona kazini kwa muda mrefu. Mimi nitakupa uthibitisho wa tarehe, huo ni haki yako.”

Mfamasia wetu hakataa. Anaandika kwa Kiswahili kwanza, kwa kuwa ndivyo anavyokumbuka, kisha anaihamishia kwenye Kiingereza cha kawaida kisicho na mapambo. Anampa binti aisome kabla ya muhuri, maana kwa ufadhili huu mwombaji ndiye anayeiambatisha mwenyewe na atayaona yote. Binti anafika kwenye aya ya taarifa zilizochelewa, anainua macho.

“Mzee, hii ya onyo lazima ikae?”

“Wameuliza nini unahitaji kukiboresha. Ungependa niwajibu nini?”

Anafikiri kidogo. Anaomba jambo moja tu: mwaka wa kwanza utajwe kwa namba, 2020, ili isidhaniwe ni juzi. Ni ombi la haki, na linafanywa.

Imebaki aya moja ambayo mfamasia amejaribu kuiandika na kuifuta. Ufadhili huu hupenda kuona, inapowezekana, ahadi ya mwajiri kumrudisha mhitimu kazini. Rasimu ya binti ilikuwa nayo: “Hospitali itampokea tena mara atakaporudi.” Mfamasia hana mamlaka hayo. Vibali vya ajira hospitalini hapo havitoki mezani kwake, na 2027 huenda hata yeye hayupo. Ahadi hiyo, kama ipo wa kuitoa, ni ya mwajiri wa sasa. Anachoweza kukisema kwa uhakika ni kidogo zaidi, na anakiandika: “Sina mamlaka ya kuahidi ajira. Ikitangazwa nafasi chini yangu naye akaiomba, nitamtaka awemo kwenye usaili.” Anaongeza namba ya simu ya ofisi na saa anazopatikana, anaweka tarehe ya leo, anagonga muhuri, na kutoa nakala moja ya faili, ili siku akipigiwa simu kutoka Ujerumani asiseme jambo tofauti na aliloliandika.